Mbegu za Mchana Mrefu

Nakhisa, au Mama Travis kama wenzake wanavyomwita, ana mdomo, hilo mtaa mzima wa Kamwokya unalijua. Alivuka mpaka wa Busia na gunia moja la vitunguu, na leo ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaolima pamoja bondeni, kando ya mfereji. Akisema, wamesema wote. Ndiyo maana kaka yake Nyongesa alipomtumia mbegu kutoka Norwei, katika pakiti yenye picha ya kitunguu kikubwa kama ngumi ya mwanamume, aliwaambia wenzake waachane na zile nyekundu walizozoea. Wakaachana nazo.

Majani yalisimama mazuri ajabu. Siku ya kuvuna, Nakhisa alikuja akiimba, akashika shina, akang'oa. Chini hapakuwa na kitu. Shingo nene, mizizi, basi. Aling'oa la pili, la tatu, akahamia tuta jingine. Aliwaambia wenzake vitunguu vimechelewa tu, viongezwe mbolea, lakini moyo ulikuwa umeshampasuka.

Akashuka sokoni Kikuubo na pakiti yake, kwa Ogwal anayeuza mbegu. Ogwal aliisoma pande zote mbili, akamuuliza imetoka wapi.

"Mama, kitunguu ya kule inangoja mchana mrefu, jua ya saa kumi na nne ama zaidi, ndiyo ianze kujaa chini. Hapa kwetu mchana ni saa kumi na mbili, mwaka mzima. Itaota majani tu."

"Nikiongeza mbolea? Nikingoja?"

"Hata ungoje mpaka Krismasi. Huku unapanda ile ya mchana mfupi, kama ile nyekundu yenu."

Nakhisa aliketi juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa. Mbegu zilikuwa nzima, udongo mzuri, maji tele. Kumbe kilichokosekana ni jua la Ulaya! Msimu wa watu wanane ulikuwa umekwenda kwa neno lake, na sasa kazi ya kuwaambia ilikuwa yake.

Aliwaambia jioni ileile, wima, bila kuzungukazunguka. Alingoja matusi, wala hayakuja. Nabwire, mdogo kuliko wote, mpole hata kuku humnyang'anya chakula, alimshika mkono akampeleka nyuma ya mayuni, yale magimbi ya bondeni, pale majani mapana yanapoficha ukingo wa shamba. Palikuwa na mstari mmoja mfupi. Vitunguu vyekundu vilikuwa vimejaa, mabega yametokeza juu ya udongo, shingo zimelala zenyewe. Udongo uleule, maji yaleyale, jua lilelile.

Nakhisa alishtuka kuliko alivyoshtuka asubuhi.

"Ulipanda lini?"

"Siku moja na zenu, Mama Travis. Nilikuwa na wasiwasi na hizo za ng'ambo."

"Na ukanyamaza?"

Nabwire aliangalia chini.

"Wenzetu wote walijua habari ya mstari huu. Tulikuwa tunakuogopa."

Nakhisa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu avuke Busia, haukutoa kitu.