Kokoto za Mviringo

Wanaosema mume wangu alihongwa akapitisha zege bovu, kisha akafa akihangaika kuficha ushahidi, hawakuwahi kukanyaga kwenye mjengo ule. Wengine walimwona gengeni akinunua nyanya, basi wakajiona wanamfahamu. Mimi nilikuwa mke wake. Tena nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na najua tofauti ya kuona na kuambiwa. Nitalieleza hili mara moja.

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara ya vifaa vya ujenzi, mtu wa kupima zege. Wajenzi walimwita Mzee Koni, kwa sababu ya ile koni ya chuma aliyoibeba kama wengine wanavyobeba mkoba. Watu wakizima mashine kwenda kunywa chai, yeye huipangusa koni yake kwanza. Nilimtania kwamba angeioa kama angenikosa mimi. Alinijibu, "Mama watoto, koni hainuni."

Msimamizi wa mjengo ule wa ghorofa alikuwa kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Nalisema mwenyewe ili mtu asinisemee. Mimi ndiye niliyefurahi siku walipopangwa pamoja. Nilidhani familia imepata heshima mara mbili.

Siku ya kumimina nguzo za chini, mume wangu alichota zege la mzigo wa kwanza. Alijaza koni kwa matabaka matatu, kila tabaka akilichoma kwa fimbo ya chuma mara ishirini na tano, akasawazisha juu, akaivuta koni wima polepole. Zege linalofaa hushuka kiasi, likabaki limesimama kama kilima. Unapima limeshuka milimita ngapi, na hapo unajua maji yamelingana au yamezidi. La mzigo wa kwanza lilisimama vizuri. Lakini nguzo zilikuwa na nondo nyingi, kulisukuma zege zito katikati yake ni kazi ya kuvunja mgongo, na jua lilikuwa kali. Alipogeuka, mpira wa maji ulikuwa umeshaingizwa kwenye mashine ya kuchanganyia.

Akapima tena. Safari hii zege halikushuka, lilitawanyika kwenye bamba kama uji uliomwagika.

"Shemeji," akamwambia kaka yangu, "hili halimiminwi."

"Limelegea kidogo tu, shemeji. Vijana wamechoka."

"Maji yakizidi nguvu inapungua. Hayo maji yatakauka, yataacha vitundu ndani ya nguzo. Lirudishe."

"Wewe na koni yako! Ungekuwa unashika koleo ungeyapenda maji." Vibarua wakacheka. Zege likamiminwa.

Mume wangu hakucheka. Akachota zege lilelile la uji, akajaza masanduku ya chuma ya kutengenezea kyubu, yaani michemraba ya majaribio. Akaifunika kwa gunia bichi. Kesho yake akaitoa, akachora alama kwa msumari juu ya kila mmoja, akaitumbukiza kwenye tangi la maji lililokuwa katika kibanda cha mjengo. Maabara ilikuwa mbali, tangi lake limejaa. Ufunguo wa kibanda akauacha kwa shemeji yake. Sasa niambieni, nani asingemwachia?

Siku ya saba wakavunja kyubu za kwanza kwenye mashine ya maabara. Nguzo zile zilitakiwa kufikia nyutoni ishirini na tano kwa kila milimita ya mraba zikitimiza siku ishirini na nane. Siku ya saba, zege la aina ile huwa limeshapata kama theluthi mbili ya nguvu hiyo. Hizi zilipasuka kwenye tisa. Alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu, mtu aliyekuwa hajawahi kuvuka mkeka na viatu tangu nimjue.

"Zitapanda?" nikamuuliza.

"Zitapanda. Hazitafika."

Alimwandikia mhandisi mshauri. Mhandisi akasema tungoje siku ya ishirini na nane, ndiyo inayohukumu. Kwa karatasi alikuwa sahihi. Lakini kazi haikungoja. Slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, ikamiminwa, ikaegemezwa kwa mirunda, ile miti ya kuishikilia isilemee nguzo changa, na juu yake matofali yakaanza kupangwa. Kila nilipopita pale kwenda sokoni niliona mjengo umerefuka, na chini yake ile mirunda imesongamana kama watu waliobeba kitu wasichoweza kukitua.

Kaka yangu aliacha kuja kwetu Jumapili. Nikampigia.

"Dada, nina kazi nyingi."

"Kazi zimeanza lini kukuzuia kula?"

Akakata simu.

Siku ya ishirini na nane kyubu zilizobaki zikavunjwa. Thelathini na mbili. Zote, karibu sawasawa. Kijana wa mashine akapiga makofi: "Mzee Koni, ulitutisha bure!" Mume wangu aliinama, akaokota vipande vilivyovunjika, akavigeuza mkononi. Alama za msumari zilikuwa zimeigwa vizuri sana. Lakini ndani ya zege mlikuwa na kokoto za mtoni, laini, za mviringo. Mjengo ule wote ulitumia kokoto za kupondwa, zenye makali.

Kipande kimoja alikileta nyumbani, akakiweka mezani kwangu palipokuwa na vikombe. Sikuhitaji kuelezwa. Namba ile ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya nguzo zile. Mtu alitengeneza kyubu nzuri mahali pengine, akazitumbukiza tangini, akaondoa zetu. Na ufunguo ulikuwa mmoja.

Tukatazamana. Hakulitaja jina, nami sikulitaja.

"Sisaini," akasema. "Nguzo zitobolewe, tutoe vipande vya humohumo ndani, tuvivunje hivyo." Akampigia mhandisi, akamweleza habari ya kokoto. Mhandisi akashtuka, akasema mirunda isiguswe, yuko njiani. Mume wangu akampigia kaka yangu ampe agizo hilo. Simu ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Kisha akampata kibarua mmoja, na nyuma ya sauti yake nikasikia nyundo.

"Mnafanya nini?"

"Tunatoa mirunda, Mzee. Msimamizi kasema majibu yamepita."

Alitoka mbio na kile kipande mkononi. Hapo ndipo wanaposema alikwenda kuficha ushahidi. Mtu wa kuficha hawezi kukimbia barabarani mchana kweupe ameushika.

Yaliyofuata nimeambiwa na vibarua wenyewe, waliokuja msibani na vumbi masikioni. Aliingia chini ya slabu akipaza sauti watoke. Mmoja akamtania, "Mzee, koni iko wapi leo?" Akamwonyesha nguzo ya kona. Ganda la zege lilikuwa linabanduka lenyewe, punje kwa punje, na nondo zimeanza kujikunja nje. Utani ukaishia hapo. Wakatoka wote. Yeye alikuwa wa mwisho, kwa sababu alirudi kumvuta fundi mmoja aliyekuwa juu ya ngazi, hasikii kwa kelele za nyundo yake mwenyewe. Alimsukuma nje. Nguzo haikusubiri.

Walipomfukua, mkono wake ulikuwa bado umekishika kile kipande. Mhandisi alikichukua mbele yangu, na nguzo zilizobaki zikatobolewa. Majibu yake hayakufika hata kumi na tano, na ndani mlikuwa na kokoto zenye makali. Hati ya kupitisha haina saini ya mume wangu. Anayetaka kuiona aende akaiombe.

Kaka yangu alikuja siku ya tatu ya msiba. Alisimama mlangoni, akasema, "Dada." Wanawake waliokuwa jikoni wakachungulia, na mpaka leo mtaa mzima unataka kujua nilimjibu nini, na sasa yuko wapi, na kama nilimtaja kwa polisi.

Sisemi. Nimekuja kumsafisha mume wangu, naye ni safi. Msiniulize tena.