Uso Waliomjazia Mdogo Wetu

Picha yetu ya familia kutoka nyumbani ilibaki moja tu, na aliyeiharibu ni baba mdogo. Wanamgambo walichoma nyumba, na jirani yetu ndiye aliyewaonyesha njia. Hao nimewasema kila mahali na nitaendelea kuwasema. Lakini picha ni baba mdogo. Mama alimpa ikiwa imelala vizuri ndani ya Biblia. Akaitoa, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, tukatembea na mvua hadi mpaka wa Uganda. Mkunjo ukapita juu ya uso wa mdogo wetu wa kiume, yule ambaye hakufika. Rangi ikabanduka kuanzia jicho moja hadi kidevuni.

Sasa mdogo wangu wa kike anataka kuitundika siku ya misa ya kumwombea huyo kaka yake. Yeye wakati ule alikuwa mgongoni kwa mama, hamkumbuki. Kati yetu wawili anayemkumbuka ni mimi, basi.

Tulikwenda mtaa wa Kamwokya kwa fundi wa picha, Mkenya mmoja mpole mwenye redio isiyonyamaza. Aliiskani, na tuliporudi akatufungulia picha mbili. Ya kwanza alikuwa ameziba mikunjo ukutani na nguoni, ila pale usoni palipobanduka aliweka kijivu tu, kama kivuli. Ya pili, programu ya kompyuta ilikuwa imebuni na kujaza uso mzima.

Uso mzuri. Wa nani, sijui.

Nikasema huyu si yeye. Mdogo wangu akasema nasumbua watu. Fundi akaikuza kwenye kioo, akakubali ina kasoro: picha yote ina chembechembe, lakini ule uso ni laini kama sahani, tena jua lilitoka kushoto, pua zetu wote zina kivuli kulia, yake haina. Nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa anatafuta pa kurekebisha. Akautia chembechembe, akautia kivuli, akapunguza weupe wa jicho. Ikawa picha ya tatu.

“Sasa imekaa asili, mama,” akasema. “Hata mimi singejua nimegusa wapi.”

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Ile ya pili ilikuwa uongo wa kuonekana. Hii nani ataishuku?

Mdogo wangu alikuwa analia. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya. “Yaya, ndiye huyu.”

“Ulimwona lini wewe?”

“Namwona sasa.”

Nikafumba macho nimtafute mwenyewe, na mdomo wake uliopanda upande mmoja akitaka kudanganya. Ukaja uso ule wa kompyuta. Nikafumba tena. Ule ule.

Nikamwambia fundi achape ya kwanza, yenye kijivu, na hiyo nyingine aifunge nisiione. Akaifunga. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshaipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi la ukoo. Wa kwanza kujibu alikuwa baba mdogo: “Mungu asifiwe. Mtoto yuko vile vile.”