Mimba Niliyokataa Kuificha

Kijijini kwetu, karibu na Nanyamba, mimba changa ilifichwa chini ya kanga ili wenye husuda wasiione. Ya kwanza niliificha kama nilivyoagizwa. Mtoto akazaliwa amekufa, na mama mkwe akasema nimelogwa.

Ya pili nilikataa. Niliposhuku tu kuwa ninayo, nilikwenda kliniki mchana kweupe, mama mkwe akinifokea nyuma.

Nesi alinitoa damu, ikapelekwa kupimwa Mtwara mjini. Majibu yakaja: kaswende. "Inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto," aliniambia. "Huenda ndiyo iliyomuua yule wa kwanza. Huyu tumemuwahi, dada." Akanidunga penisilini, akaniambia nirudi kila wiki mpaka zitimie sindano tatu. Na mume wangu asipotibiwa, ataniambukiza tena.

Mume wangu akacheka. Hana kidonda, yeye mzima! Nikamwambia kidonda hupona, ugonjwa ukabaki kwenye damu. Akazidi kucheka. Basi nikautupa mkeka wake barazani, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba bila sindano haingii chumbani kwangu. Alilala huko mpaka aibu ikamshinda, akaenda kudungwa.

Binti yangu alizaliwa mzima, akilia mpaka majirani wakatoka nje. Mama mkwe akanisihi habari ya kaswende isitoke nje ya nyumba ile. Nilimgeukia binti yake, aliyekuwa anaficha tumbo chini ya kanga.

"Wifi, vaa ndala zako. Twende kliniki."