Kinu Kitupu cha Kumlaza Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alilala kwa kinu. Watoto wa wenzangu walilala kwa titi, kwa wimbo, kwa kuzungushwa ukumbini mpaka bega la mama linakufa ganzi. Wangu mimi alitaka mchele utwangwe. Nami, kwa akili nilizokuwa nazo wakati ule, nilijisifu kwa jambo hilo kila nilipopata mtu wa kunisikiliza.

Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni, katika nyumba ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, choo na kinu cha wote. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mume wangu alibeba mizigo bandarini. Mimi nilipika vitumbua. Asubuhi niliuloweka mchele, baada ya adhuhuri niliutwanga na kuuchekecha, jioni niliuchanganya na tui na hamira ulale uumuke, na alfajiri nilikaa barazani na kikaango changu, nikiwauzia wanaume waendao kazini.

Mtoto alikuwa mgongoni wakati wote huo, kafungwa mbeleko ya kanga. Nilimnyonyesha, nikamtia mgongoni, nikashika mchi. Ninapoinuka anainuka, ninapoinama anainama, du, du, du, na kabla mchele haujapondeka kichwa chake kilikuwa kimeshaniegemea, jasho lake na langu vimekuwa kitu kimoja. Nilidhani nimezaa mtoto mpole. Kumbe nilikuwa namfundisha kazi, naye alijifunza vizuri kuliko mimi.

Alipoanza kukaa na kutambaa ndipo nilipoona ubaya wake. Nikimaliza kutwanga nikamlaza kitandani, alifumbua macho. Nikimpa titi alisinzia, nikilichomoa alipiga kelele kama nimemuibia. Jioni ilikuwa vilevile, na usiku ndiyo usiseme. Mtoto huzinduka mara kwa mara usingizini, kama sote tunavyozinduka tukageuka upande wa pili. Lakini wangu alipozinduka alikitafuta kile alichokiacha alipofumba macho, mgongo wangu na mtikisiko wa mchi, na asipovikuta alijiona katupwa. Hayo nayasema leo kwa ufasaha. Siku zile nilisema tu kwamba mtoto ana njaa, nikamnyonyesha tena.

Mchele wa kutwanga una mwisho wake, hasa kwa mpika vitumbua mdogo kama mimi. Ulipokwisha na mtoto bado macho, nilitwanga pumba. Pumba zilipokwisha nilitwanga kinu kitupu. Ndiyo, nilisimama uani na akili zangu timamu, mke wa mtu, nikipiga mti mtupu kwa mti mwingine. Kinu kitupu kina sauti kuliko chenye kitu, kwa hiyo nilitandika gunia kuukuu ndani yake na nikajiona fundi.

Sasa, Kariakoo mchi ukisikika sana katika nyumba, watu wanajua kuna shughuli. Mwanamke hangoji kuitwa. Anachukua mchi wake anakuja kusaidia, na mkitwanga watatu katika kinu kimoja mnapokezana na wimbo juu. Basi alasiri moja jirani wa nyumba ya pili akaingia uani kwa mlango wa nyuma, mchi begani, kanga kajifunga kiunoni.

"Hodi hodi! Shoga, unaoza au unatahiri, mbona hujatuambia?"

Akaja mpaka kwenye kinu, akainua mchi wake, akachungulia ndani aone ni mpunga au ni mchele. Akaona gunia. Akaniangalia mimi, akaliangalia gunia, akaushusha mchi polepole.

"Namlaza mtoto," nikasema.

"Haya, shoga," akasema, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba nina jini, na jini langu linapenda kutwanga. Wengine walilijua hata kabila lake. Mimi nilicheka, nikamsimulia mume wangu, naye akacheka mpaka akakohoa. Hatukucheka muda mrefu.

Mwenye nyumba yetu alikuwa mjane mzee aliyekaa chumba cha mbele. Usiku hakupata usingizi, kwa hiyo usingizi wake wote aliutegemea mchana, na mchana ndio uliokuwa wakati wangu wa kinu. Alikuwa amevumilia. Lakini jini lilimshinda, maana wapangaji wawili walishaanza kuulizia vyumba kwingine. Akaniita, nikakaa chini kwenye mkeka wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikufukuzi leo. Lakini mwezi mpya ukiandama, nikisikia kinu kinalia bila kitu ndani yake, mtahama. Mimi ni mtu mzima, nataka kulala."

Nilitoka mle nikipiga hesabu. Kupata chumba Kariakoo hakukuwa mchezo, na baraza ile ndiyo iliyokuwa duka langu. Wateja wangu walikuwa wa njia ile na si nyingine. Tukihamishwa kupelekwa pembeni ya mji, vitumbua vyangu ningevila mwenyewe. Na yote hayo yalikuwa mikononi mwa mtu asiye na hata jino la pili.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mume wangu alisema tununue kinu kidogo tukiweke chumbani chini ya kitanda, na alikuwa hatanii. Nilijaribu shauri la kumwacha alie mpaka achoke, na aliyechoka kwanza ni mimi. Nilimnyakua nikiwa nalia kwa sauti kubwa kuliko yake. Mpangaji wa chumba cha kando, mama wa Kilimanjaro aliyekuwa na watoto wengi na subira zaidi, ndiye aliyenionea huruma.

"Dada, mbona unataka kumnyang'anya vyote kwa mara moja? Hata wewe ukinyimwa chai ghafla kichwa kinauma. Mpunguzie."

Basi nikaanza kupunguza, na naomba nisifikiriwe kuwa nilifanya kwa ustadi. Kwanza nilihamisha kutwanga. Mchele niliuloweka jioni, nikautwanga asubuhi mtoto akiwa macho, kakaa mkekani na kijiko mkononi, akitazama. Mara ya kwanza aliposikia mchi alisinzia amekaa, akaanguka ubavu, akaamka kwa hasira. Baada ya muda aliuzoea mchi kuwa ni kelele tu kama kelele nyingine za mji huu.

Titi nalo nikalitoa kwenye usingizi. Nilimnyonyesha uani, kwenye mwanga, mapema, akashiba akiwa anacheza na shanga zangu. Halafu maji, halafu kanga kavu, halafu pazia la mlango, halafu maneno yaleyale: "Sasa ni kulala, baba." Kila siku kwa mpango uleule, mpaka hata mimi nikisikia maji yanamiminwa nilipiga miayo.

Mgongoni sikumnyima. Nilimbeba, nikainuka na kuinama kama natwanga, lakini bila mchi. Aliyenichungulia pale bila shaka aliongeza jini la pili. Kisha nikapunguza kuinama, nikawa nayumba. Kisha nikasimama tu. Kisha, na hapa ndipo palipokuwa pagumu, nikamshusha kabla hajalala, macho yamelegea lakini yako wazi, nikamlaza chali kitandani, mkono wangu juu ya kifua chake. Alilalamika. Nilimpigapiga taratibu. Akishindwa kabisa nilimwinua, akitulia nilimrudisha, na siku nyingine nilimwinua na kumrudisha mpaka kiuno kikaomba talaka.

Polepole mkono ukawa mzito, kisha mwepesi, kisha ukawa kando yake tu. Nilikuwa nimeanza kutembea kwa maringo ukumbini. Ndipo jino likaanza kumtoka. Alilia mchana kutwa, fizi zimevimba, na mimi, mwalimu mkuu wa kulaza watoto, nikamfunga mgongoni nikakimbilia kinu kama mlevi anavyokimbilia pombe. Nilitia magunia mawili nisisikike. Mume wangu alinikuta pale.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mwezi unakaribia kuisha."

"Najua."

"Basi nipe mimi mtoto."

Akambeba, akasimama naye tu kwenye kivuli cha ukuta, hatikisiki. Mtoto aligomba, akajaribu kutafuta titi kwenye kifua cha baba yake, akakosa, akakata tamaa, akalala. Niliumia kuliko nilivyofurahi. Jino lilipokwisha kutoka tulirudi kwenye mpango wetu, na safari hii alishika upesi zaidi kuliko mwanzo.

Mwezi ulipokuwa unaelekea kuandama, mwenye nyumba alikuja mwenyewe baada ya adhuhuri, na kigoda chake mkononi. Akakiweka ukumbini nje ya pazia letu, akakaa. Hakusema amekuja kusikiliza, lakini hakuwa amekuja kuangalia ukuta. Nilimlaza mtoto, nikasema maneno yangu, nikatoka, nikasimama karibu na bibi. Ndani mtoto akaanza kunung'unika.

Sikuingia. Akanung'unika tena, akapandisha kidogo. Mwili wangu uliondoka wenyewe kwenda mlangoni, na nilipokuwa nimeshalishika pazia, yule bibi akanidaka upindo wa kanga, akavuta.

"Unakwenda wapi?"

"Analia, bibi."

"Halii. Anajisemea. Kaa."

Nikakaa chini, kanga yangu bado iko mkononi mwake kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mtoto alijisemea. Aliimba kidogo, akapiga godoro kwa kisigino, akalalamika kama mzee aliyekatizwa mazungumzo. Kisha zile sauti zikawa za mara moja moja, kisha hazikuwepo, na tukasikia pumzi zake, zile nzito, ambazo mpaka siku hiyo hazikuwahi kuanza bila mimi au baba yake.

Bibi akaiachia kanga yangu. Akanyanyuka, akachukua kigoda chake.

"Chumba mnacho," akasema. "Na mimi nakwenda kulala."

Nilipaswa kushukuru. Nilibaki pale sakafuni nikalia, kwa kwikwi na kamasi, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, mwanamke aliyekwisha kupata kila alichokitaka. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa na wivu na usingizi wa mtoto wangu. Nililia na huku sikio langu liko mlangoni, nikisubiri aamke aniulize nina nini.

Hakuamka.