Mafundo Meupe Kichwani mwa Iteka

Barua ilikuwa imekunjwa mara nne chini kabisa ndani ya mfuko wa shule. Ilisema Iteka, mwenye miaka tisa, ana chawa wa kichwa, na asirudi darasani mpaka atibiwe. Mwalimu alikuwa ameona vidoa vyeupe vingi kwenye nywele zake.

Spéciose Bigirimana aliisoma amesimama jikoni kwake huko ughaibuni, Doonside, bado na sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi. Katika kambi ya wakimbizi alikokulia, Kigoma, wasichana walipangwa mstari kila muhula na kunyolewa, mwenye chawa na asiye nao. Alikuwa ameapa kwamba wembe hautapita kichwani mwa binti yake.

Kwa hiyo hakumnyoa. Alinunua shampuu ya chawa na kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana, akamchana mtoto jioni tatu mfululizo. Vidoa havikutoka. Kilichotoka ni nywele, vipande vifupi vifupi, mpaka taulo likajaa.

"Mama, it hurts."

"Vumilia. Utarudi shule na nywele zako."

Siku ya nne alimwita Jerotich, Mkenya anayeimba naye kwaya, muuguzi wa kliniki ya ngozi huko Merrylands. Jerotich alimkalisha mtoto dirishani, akapitisha ukucha kwenye unywele mmoja.

"Hebu ona, mama Iteka. Yai la chawa hugandishwa ubavuni mwa unywele. Ukilisukuma kwa ukucha, hata kama ni kwa shida, linasogea. Hiki hakisogei. Kimo ndani ya unywele wenyewe." Akauvuta kidogo. Ukakatika pale pale kwenye kidoa.

"Basi hana chawa. Nilijua. Watanitambua hao wa shule."

"Hana. Lakini usianze vita bado. Leta mtoto kliniki."

Daktari aliweka vipande vichache chini ya hadubini, kisha akampisha Spéciose achungulie. Kila fundo lilikuwa kama fagio mbili zilizosukumwa zikaingiana kwa ncha. Ganda la nje la unywele limeondoka, daktari alieleza, na nyuzi za ndani zimefumuka. Unywele unavunjika hapo hapo. Jina lake ni trichorrhexis nodosa. Wachache huzaliwa na kasoro ya mwili inayoleta mafundo haya, kwa hiyo aliuliza nywele zilikuwaje zamani.

"Zilikuwa nzima mpaka alipofika miaka sita," Spéciose alisema.

Na tangu hapo anazipaka nini, daktari akauliza.

Spéciose alijibu bila kuinamisha macho. Dawa ya kunyoosha, kila wiki ya nne, kutoka shina hadi ncha. Kila Jumamosi pasi ya nywele, kwa ajili ya kanisa, zikiwa bado na majimaji ili zilale vizuri. Alipomaliza akamgeukia Jerotich.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni dawa, ni moto, na hicho kitana kikamalizia. Mkono ulikuwa wako, ndiyo."

"Muulize daktari kama lazima anyolewe."

Si lazima, daktari alisema. Mizizi ni mizima. Aache dawa, aache pasi, achane kwa kitana cha meno mapana, taratibu, na asisuke kwa kubana. Apunguze sehemu zilizoharibika. Nywele mpya zitakuja nzima, ila itachukua mwaka na zaidi.

Jumatatu Spéciose alisimama mbele ya karani wa shule na barua ya daktari. Karani aliisoma, akatabasamu, akasema pengine kumnyoa tu kungekuwa rahisi kwa kila mtu.

"Rahisi kwako," Spéciose alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Kosa langu nimeshalikubali mbele ya daktari. Lenu ni ile barua. Itoe kwenye faili lake."

Karani alisema mwalimu mkuu yuko kikaoni. Spéciose alivuta kiti, akaketi. Alichelewa zamu kwa saa moja na nusu, lakini aliondoka ameshika barua ya pili, yenye sahihi, isemayo kwamba Iteka hakuwa na chawa.

Jumapili Iteka aliingia kanisani na nywele fupi, zilizosimama, bila utepe. Mlangoni Verdiane, kiongozi wa kwaya, aliwatazama wote wawili.

"Spéciose, mbona umemrudisha mtoto kambini?"

"Kambini walininyoa bila kuniuliza. Huyu nilimuuliza tupunguze kiasi gani, akanionyesha kwa kidole."

"Na pasi yako ile nzuri?"

"Ninapigia kola ya sare yake ya shule. Sogea tupite."