Salamu Kwanza

Mwenye nyumba wangu pale Mbeya alikuwa na kawaida moja iliyowachosha watu. Ukiingia getini kwake na kuanza kusema shida yako kabla ya kusalimia, alikuwa anakutazama tu, halafu anakwambia kwa upole, "Umesahau kitu huko nje. Toka uingie tena." Na watu wazima walikuwa wanatoka kweli. Nimemwona fundi bomba mwenye haraka zake akitoka, akafunga geti, akafungua, akasema hodi na shikamoo ndipo akasikilizwa. Nami siku ya kwanza nilipokwenda kuulizia chumba nilitolewa hivyohivyo, na mvua inanyesha.

Alikuwa mjane, Mwislamu, wazazi wake watu wa pwani waliopanda huku juu kufuata biashara. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, Mkristo, nina stashahada ya maabara ya vyakula. Nilifika Mbeya kwa kazi ya mkataba kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mkataba ukaisha, mimi nikabaki. Wenzangu wa kazini walitawanyika, na wale niliodhani ni marafiki wakaacha kupiga simu taratibu, bila ugomvi. Kutwa nzima mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa yeye, jioni, barazani, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi kwa sababu ya baridi. Kila barua ya maombi ya kazi nilimsomea kabla ya kuituma. Hakuelewa mambo ya maabara, lakini alikuwa anajua pale ninapojikweza.

Nikaitwa kwenye usaili Iringa, katika kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima na kuzisafirisha. Walitaka mkaguzi wa ubora. Ningekuwa karibu na nyumbani, na ningefanya kazi niliyoisomea. Nguo nilishapiga pasi, tiketi ya basi nilishakata. Alfajiri ya siku ya safari nikamgongea kumuaga, hakuitika. Nilimkuta kitandani kama aliyelala, mkono umepoa.

Watoto wake wote wawili wanaishi Dar es Salaam. Kwa desturi ya dini yake asingelala ndani akiwasubiri. Masheikh walikwisha sema azikwe alasiri. Majirani wanawake walipokuja kumwosha wakauliza sanda iko wapi, maana wazee wengi wa namna yake hujiwekea ya kwao mapema. Mimi peke yangu nilijua. Alinionyesha mwenyewe: sanda, ubani na marashi ndani ya sanduku la bati, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya zamani. Nikafungua sanduku, nikawakabidhi, nikakaa mkekani na wengine. Basi langu liliondoka wakati huo. Nilimtumia afisa ajira wa kampuni ujumbe wa simu nikiwa nimeinama nyuma ya mlango: "Samahani, nimefiwa. Sitaweza kufika kwenye usaili kesho. Naomba siku nyingine." Basi. Sikusema nani.

Baada ya mazishi watoto wake waliingia, na watu wote wakawapa pole, kama inavyostahili. Mimi nilikuwa nabeba masufuria. Mpangaji hapewi pole. Sisemi kwa kulaumu, ndivyo ilivyo, lakini nilisikia upweke ambao sijawahi kuusikia hata siku niliyokosa kazi.

Matanga yalipokwisha mama yangu akapiga simu kutoka Kilolo, sauti imemkauka. Kuna dada mmoja, akasema, mwenye lugha nzuri, amempigia kumpa pole ya msiba. Mama akamjibu hapa hakuna aliyekufa, sote wazima. Nikamwambia labda amekosea namba. Sikuwa nimemweleza mama lolote. Yeye anaamini nina watu Mbeya, na mimi nilimwacha aamini.

Kesho yake ikaja barua pepe. Kumbe yule dada alikuwa afisa ajira mwenyewe. Alichukua namba ya mtu wa karibu kwenye fomu yangu ya maombi, akampigia mama ili atoe pole, kama mtu mwenye adabu. Sasa aliandika kwamba walitaka kunipa pole wakaelezwa kuwa nyumbani hakuna msiba, kwamba kampuni inathamini uaminifu, na kwamba maombi yangu yamewekwa pembeni. Nilipofika kwenye neno uaminifu sikuendelea. Masikio yaliniwaka.

Nilijibu palepale, vidole vikikimbia kuliko akili. Niliandika hivi:

"Ninyi mna roho gani? Mnampigia mama wa watu kumuulizia vifo? Mimi si muongo kama mnavyoniita. Nimeosha vyombo vya msiba siku tatu ninyi mkiwa ofisini mnakunywa chai. Kazi yenu bakini nayo. Na nitawaanika kwenye makundi yote ya wanaotafuta ajira ili watu wawajue."

Ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Kidole kilishafika kwenye alama ya kutuma. Kilichonizuia ni mazoea tu: nilitaka kumsomea mtu kwanza. Nikatoka na simu barazani. Kiti chake cha kamba kilikuwa palepale, mwanawe wa kiume hajakiondoa bado. Nikakisomea kiti. Nilisoma kwa sauti, mchana kweupe, na nilipomaliza sentensi ya kwanza nikamsikia kabisa akilini mwangu akisema nimesahau kitu huko nje.

Kweli, hapakuwa na salamu. Nikakaa sakafuni nikalia kwanza, halafu nikaanza upya.

Kabla ya yote nilifuta anwani ya yule dada pale juu, ili barua isiponyoke ikaenda yenyewe. Ile ya hasira nikaihamishia kwenye ukurasa wa kumbukumbu wa simu. Sikutaka kuitupa, nilihitaji kuona ina nini ndani. Halafu nikarudi kwenye barua yao niisome sentensi kwa sentensi, nijibu walichoandika badala ya nilichosikia. Ndipo nikaona mambo mawili. Kwanza, hakuna mahali waliponiita muongo. Neno hilo nililileta mimi. Pili, chini kabisa, baada ya uaminifu, palikuwa na mstari ambao sikuufikia: kama nina maelezo, yawafikie kabla ya ofisi kufungwa siku ya Ijumaa. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa naupiga mateke.

Nikaichambua ile rasimu. Kila sentensi niliiuliza kama inasema kilichotokea au inasema ninavyowaona wao. "Mna roho gani" ni swali lisilotaka jibu, likaondoka. Chai ya ofisini nimeionea wapi? Ikaondoka. Kitisho cha kuwaanika kikaondoka. Mtu uliyemtisha hakusaidii, anajikinga. "Kazi yenu bakini nayo" nikaitazama kwa muda mrefu, maana ilikuwa uongo mtupu. Kazi nilikuwa naitaka kwa kufa na kupona. Katika barua yote ya hasira sikuwa nimeomba kitu hata kimoja, na wao wangejuaje nataka nini?

Vyombo vya msiba vilikuwa kweli, lakini havingemsaidia yule dada kuelewa chochote. Alichokosa ni kitu kidogo: nani alikufa, na kwa nini mama yangu hakujua. Hayo ningeweza kuyasema, na mtu mwingine angeweza kuyathibitisha. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwomba ruhusa ya kutaja namba yake, akakubali. Nikamwomba ruhusa pia mwana wa marehemu, maana msiba ulikuwa wao. Alikubali bila kusita, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wameamua kuifunga nyumba, nitafute pa kwenda mwezi ukiisha.

Kulikuwa na sentensi moja iliyonitesa. Niliandika, "Alikuwa kama mama yangu." Nikaifuta. Nikaiandika tena. Ilikuwa kweli, lakini ndani ya barua ile ilisomeka kama ombi la huruma, na tena ingerudisha mashaka yaleyale ya mama gani amekufa. Mwisho niliandika "mwenye nyumba wangu," maneno makavu yanayoandikwa kwenye mkataba wa pango. Hasira sikuona tabu kuifuta. Hilo lilinitoa machozi.

Ikawa hivi:

"Habari za kazi. Asante kwa barua yako, na asante kwa kumpigia mama yangu ili kutoa pole.

Aliyefariki ni mwenye nyumba wangu hapa Mbeya, niliyekuwa nikiishi naye. Alifariki alfajiri ya siku niliyopaswa kusafiri kuja Iringa, akazikwa alasiri. Watoto wake walikuwa safarini, na mimi ndiye niliyekuwepo nyumbani. Mama yangu hakujua kwa sababu sikuwa nimemweleza.

Ujumbe wangu ulikuwa mfupi na haukutaja marehemu ni nani. Naelewa kwa nini ulileta mashaka, na kwa hilo naomba radhi. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kupigiwa simu. Namba yake iko hapa chini.

Bado naihitaji nafasi hii. Kama usaili bado unawezekana, naomba nipangiwe siku yoyote, nitafika. Kama nafasi imejazwa, nitashukuru kuarifiwa."

Nikakisomea kiti tena. Safari hii nilifika mwisho bila kupandisha sauti. Nikarudisha anwani, nikatuma, nikaingia ndani kufungasha sufuria zangu maana sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Jibu lilikuja Ijumaa kabla ya adhuhuri. Nililiogopa, nikalifungua nimesimama mlangoni. Nilikuwa natafuta neno usaili, nalo lilikuwepo, mstari wa tatu: Jumatano asubuhi, nije na vyeti halisi. Lakini macho yalinata kwenye mstari wa kwanza. Aliandika, "Habari yako. Pole sana kwa msiba wako."

Msiba wako. Tangu alfajiri ile hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilikaa kwenye kiti cha kamba, mara ya kwanza na ya mwisho, nikasoma mstari ule mmoja hadi taa ya simu ikazima.

Halafu nikampigia mama. Akaanza na kamwene, salamu yetu Wahehe, nikaitikia kamwene, akauliza habari za Mbeya, habari za baridi, habari za kazi. Nilizijibu zote, moja moja, bila haraka. Aliponyamaza kunipa nafasi nikamwambia, "Mama, yule dada hakukosea namba. Nimefiwa."