Mbele Kumepungua

Kazi aliyoitoa mwalimu wa sayansi ilikuwa nyepesi. Kila mwanafunzi ampime mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao: kwanza urefu, kisha mikono ikiwa imenyooshwa pembeni, kuanzia ncha ya kidole cha huku hadi ncha ya kidole cha kule. Kwa watu wengi vipimo hivyo viwili hukaribiana, mwalimu alisema, na atakayepata tofauti kubwa arudie, maana huenda amekosea.

Mjukuu wa Bibi Fundi alipata tofauti ya sentimita tisa. Mikono mia moja sitini na tatu, urefu mia moja hamsini na nne. Akarudia, ikawa tisa. Akarudia tena.

"Bibi, simama ukutani mara ya mwisho."

"Nimesimama mara tatu. Mimi mtu au pazia?"

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na jina zuri tu alilopewa na wazazi, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Walimwita Kwanini, kwa sababu ndilo neno aliloamka nalo na ndilo alilolala nalo. Bibi yake aliwashonea watu nguo kwa miaka arobaini na minne katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile, na aliona aibu kubwa kwamba ndani ya nyumba yake mtoto anashindwa kupima. Akaamua kumfundisha kazi.

Akavua ndala. Akafungua kilemba. Akasimama visigino vikigusa ukuta, akachukua daftari lake gumu la vipimo vya wateja akampa mjukuu. "Liweke kichwani, limelala, ubavu wake ugusane na ukuta. Halafu piga alama kwa chini. Na mimi naangalia mbele, siangalii juu. Mtu akiinua kidevu anajipa urefu ambao hana."

"Kichwa chako hakigusi ukuta, Bibi."

"Kinagusa."

Kwanini akapitisha vidole vyake vinne kati ya kisogo na ukuta, na vikapita bila kubanwa. Bibi Fundi alijaribu kurudisha kichwa nyuma, na kidevu kikapanda kikaelekea darini. Akakishusha, akajikausha kama hakusikia kitu. Alama ilipopigwa na kupimwa, ikawa mia moja hamsini na nne.

"Basi hiyo tepu imevutika," alisema. "Tepu za kitambaa zikizeeka zinavutika, na ikivutika inampunguza mtu. Lete rula ya mbao."

Ililetwa ile rula ya mita moja ya kukatia. Tepu ikalazwa juu yake, mstari kwa mstari, na ilikuwa sawasawa. Bibi Fundi aliigeuza akaitazama upande wa pili, kisha akasema ni jioni, amechoka, na mtu aliyechoka hujikunja.

Hapo alisema kweli nusu. Asubuhi, hata chai haijachemka, Kwanini alikuwa mlangoni na penseli. Safari hii alama ilisimama kwenye mia moja hamsini na tano. Bibi akapiga makofi. Lakini Kwanini alishakumbuka somo: kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vigodoro laini, mchana kutwa vinabanwa na uzito wa mwili na kutoa maji, usiku ukilala vinayanywa tena. Kila mtu huamka mrefu kidogo kuliko alivyolala.

"Hata mimi. Kwa hiyo hiyo moja siyo yako peke yako," alisema. "Bado nane. Kwanini nane?"

Bibi Fundi hakupenda kuulizwa swali ambalo hana jibu lake, na ubishi sasa ulimkolea. Akainama chini ya meza, polepole, mkono mmoja ukiwa kiunoni, akatoa daftari la kwanza kabisa, lile alilopewa alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe. Fundi aliyemfundisha aliwaamuru wanafunzi wapimane kabla hajawaruhusu kugusa mteja. Wino ulikuwa umefifia ila ulisomeka: urefu, mia moja sitini na mbili.

"Ulikuwa mrefu!" Kwanini alisema kwa mshangao wa kweli.

"Nilikuwa mrefu," bibi alikubali, na sauti ikamshuka bila kutaka.

Mtu mwingine angefunga daftari. Lakini huyu alikuwa fundi, na fundi akiona nguo imepungua haulizi kwanini, anauliza wapi. Mistari iliyofuata ilikuwa vipande vya mwili mmoja mmoja. Akamkabidhi mjukuu tepu, akamwongoza. Kiuno hadi sakafuni: zamani mia moja na moja, leo mia moja na moja. Miguu haikuwa na kosa. Shingo hadi kiuno, kwa nyuma: zamani arobaini, leo arobaini na moja. Kwanini akacheka, bibi anarefuka! Shingo hadi kiuno, kwa mbele: zamani thelathini na sita.

"Leo thelathini na moja," Kwanini alisoma.

"Soma vizuri."

"Thelathini na moja, Bibi."

Bibi Fundi akaketi kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa anakijua kipimo hicho. Alikijua kwa vidole. Akanyanyua pindo la gauni alilovaa akaligeuza, na kwa mbele kulikuwa na upindo mpana, mara mbili ya ule wa nyuma. Alimtuma Kwanini kabatini, na magauni matano aliyoyaleta yote yalikuwa hivyo hivyo. Kila yalipoanza kuburuza mbele na kupanda nyuma aliyakunja mwenyewe, akalaumu kitambaa, akalaumu sabuni, mwaka juzi akamlaumu hata muuza duka.

"Bibi, mgongo unauma?"

Alitaka kusema hapana. Hapana hiyo alikuwa ameisema tangu miezi mitatu nyuma, siku aliponyanyua jora la kitambaa cha mapazia akasikia kitu kikilia *kach* katikati ya mgongo. Wiki sita hakuweza kugeuka kitandani bila maumivu. Alisema amelala vibaya. Binti yake, mama wa Kwanini, ambaye alifanya kazi kiwanda cha mikate na hakuwa mtu wa maneno mengi, alishamwambia wazi: siku mgongo ukianza kusumbua, cherehani inauzwa na wewe unapumzika. Bibi Fundi aliogopa mapumziko hayo kuliko maumivu. Bila cherehani hakujua angeamka asubuhi afanye nini, na hilo ndilo lililomfunga mdomo.

"Unauma," alisema. "Na ukimwambia mama yako nitakushonea sare yenye mkono mmoja."

Kwanini alimwambia mama yake jioni hiyo hiyo. Kulikuwa na kelele kidogo na machozi kidogo, na keshokutwa yake wote watatu walikuwa kwenye benchi la hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Aliamkia kwanza, akasikiliza, kisha akaomba kuona daftari walilokuja nalo. Alilisoma muda mrefu kuliko walivyotegemea. "Nani alipima hivi?"

"Mimi," Kwanini alisema. "Mwalimu alisema mwenye tofauti kubwa huenda amekosea."

"Hujakosea." Akaeleza kwamba sentimita mbili tatu mtu anaweza kuzipoteza kwa umri tu, vile vigodoro vinakonda. Zikivuka nne, lazima mgongo upigwe picha.

Picha ilipigwa kwa ubavu. Daktari aliibandika kwenye kisanduku cha taa, na pingili zikaonekana zimepangana. Nyingi zilikuwa na pembe nne nzuri. Mbili za katikati hazikuwa hivyo. Bibi Fundi aliinuka akasogea karibu, akafuatisha ukingo wa moja kwa kidole bila kuigusa picha.

"Nyuma kumebaki vilevile," alisema. "Mbele kumepungua."

"Ndivyo hasa, bibi. Zimebonyea kwa mbele, kwa hiyo zilizo juu yake zinainamia mbele, na wewe unainama nazo. Hii moja inaonekana ya siku nyingi, labda hata hukuisikia. Nyingine huenda ndiyo ya jora."

Mifupa ilikuwa imekonda kwa ndani, daktari alisema, hasa tangu hedhi ilipokoma, na hali hiyo haina dalili mpaka mfupa uvunjike. Zilizobonyea hazitanyanyuka tena. Dawa ni ya kulinda zilizobaki, maana aliyevunjika pingili moja yuko karibu kuvunjika nyingine, au nyonga. Kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na asilale nusu saa, kisije kikamuunguza koo. Damu ilipimwa kwanza, hapo hapo, ikaonekana haina tatizo. Majora asinyanyue. Asikate nguo akiwa ameinama sakafuni.

"Na cherehani?" Binti yake ndiye aliyeuliza, na Bibi Fundi akashika ukingo wa kiti.

"Meza ipandishwe, kiti kiwe na egemeo, na kila nusu saa asimame atembee. Kwa nini aache? Kukaa bure kunazidi kuikondesha mifupa."

Bibi Fundi alimtazama binti yake. Binti yake akatazama dari. Lilikwisha hapo.

Lakini njiani kurudi bibi hakufurahi kama walivyotarajia. Alipofika aliketi na madaftari yote, akaanza kufungua kurasa. Kwanini akasogea. Kwenye ukurasa wa muuza maua, rafiki yake mkubwa, mstari wa mbele ulikuwa umekatwa na kuandikwa upya mara tatu: thelathini na tano, thelathini na tatu, thelathini.

"Huyu si ndiye aliyevunjika nyonga mwaka jana?"

"Ndiye. Aliteleza bafuni." Bibi Fundi alivua miwani. Alikuwa analia, na hakujificha. "Mara tatu nilimpunguzia gauni kwa mbele, sikumwambia. Ndivyo tulivyofundishwa. Mteja akipinda mgongo, fundi mwenye adabu anarekebisha nguo na kunyamaza, asimvunje moyo. Nilikuwa naliona, mjukuu wangu. Nililiona kabla ya daktari yeyote, nikalishonea."

Kwanini alichukua penseli akakaa naye, na hadi chakula cha jioni walikuwa wamepata wanawake sita ambao mbele kumepungua na nyuma kumebaki.

Kesho yake asubuhi bibi alimeza kidonge chake na glasi nzima ya maji, akasimama wima dirishani kungoja nusu saa iishe, na simu mkononi. Alianza na mmoja wa wale sita, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili.

"Dada, njoo leo nikupime."

"Nguo gani tena? Sina hata kitambaa."

"Usilete kitambaa," Bibi Fundi alisema. "Njoo wewe."